Swali la Pembe Bila Mchoro

Chukua karatasi na kalamu, usome maneno haya huku ukichora: "Pembetatu ABC ina AB sawa na AC. Pembe BAC ni nyuzi 40. Nukta D iko kwenye mstari unaopita B na C, na CD ni sawa na CA. Tafuta pembe BAD, na utoe sababu kwa kila hatua."

Kwa haraka swali limekamilika. Herufi zote zimetajwa, kipimo kimoja kimetolewa na kinachotafutwa kinajulikana. Lakini lisome mbele ya darasa, kisha pita kati ya madawati utazame madaftari. Wapo watakaoanzia B, wakapita C, wakaweka D mbele yake. Wapo watakaotoka C kurudi upande wa B na kuiweka D ng'ambo ya B. Makundi yote mawili yametii kila neno la swali, kwa sababu swali halikusema D iko upande gani. Kundi la kwanza litapata nyuzi 75 na la pili litapata 15, na kila kundi litakuwa na sababu zisizo na kasoro. Mwalimu aliyeandika 75 kwenye mwongozo wake wa kusahihisha atawakata alama wanafunzi ambao hawakukosea popote.

Kutunga swali la pembe kwa maneno matupu ni kazi ambayo walimu wengi hawakufundishwa, ila mara kwa mara hujikuta wanaifanya. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, masomo yalirushwa redioni Kenya na Tanzania, na redio haina ubao. Mwanafunzi asiyeona anayesoma kwa nukta nundu anahitaji mchoro uliogeuzwa kuwa sentensi. Mwalimu anayetuma zoezi kwa ujumbe mfupi wa simu naye hana pa kuchora. Lakini hata palipo na ubao na chaki, swali la maneno lina kazi yake ya pekee: mwanafunzi hawezi kuchungulia jibu kwenye picha. Itambidi achore mwenyewe, na katika kuchora ajue nini amepewa na nini amekibuni.

Turudi kwenye swali letu tulirekebishe. Sentensi ya tatu iwe hivi: "Upande BC umerefushwa kupita C hadi nukta D, na CD ni sawa na CA." Maneno mawili, "kupita C", yamefunga mlango wa mchoro wa pili. Sasa tulikokotoe pole pole, maana mtungaji asiyelikokotoa swali lake kwa kuandika kila sababu hajamaliza kulitunga.

Kwa msomaji aliyeacha hisabati zamani: pembe huandikwa kwa herufi tatu, na herufi ya katikati ndiyo kona yenyewe. Pembe BAC ni ile iliyo kwenye kona A, kati ya mistari AB na AC.

Hatua ya kwanza. AB na AC ni sawa, kwa hiyo ABC ni pembetatu pacha na pembe zake mbili za kitako, iliyo B na iliyo C, ni sawa. Pembe tatu za pembetatu zina jumla ya nyuzi 180. Ukiondoa 40 zinabaki 140, na kila pembe ya kitako inapata 70.

Hatua ya pili. Nukta B, C na D ziko kwenye mstari mmoja na C iko katikati, kwa hiyo pembe ACB na pembe ACD zinajumlika kuwa 180. ACD ni 110.

Hatua ya tatu. CD ni sawa na CA, kwa hiyo pembetatu ACD nayo ni pacha, na pembe zake zilizo A na D ni sawa. Zinabaki nyuzi 70 za kugawana, kila moja inapata 35.

Hatua ya nne. Pembe BAD ni BAC kuongeza CAD, yaani 40 na 35, jumla 75.

Hatua hiyo ya nne ndiyo ambayo karibu kila mwanafunzi huiandika bila sababu. Ukimuuliza kwa nini amejumlisha, atakuonyesha daftari na kusema, "Si inaonekana, mwalimu?" Kwake inaonekana, kwa sababu amechora hivyo. Aliyeweka D ng'ambo ya B aliona tofauti: kwake pembe ACD ilikuwa ni ile ile 70 ya kitako, CAD ikawa 55, na kwa kuwa AB ilikaa kati ya AC na AD, alitoa 40 kutoka 55 akapata 15. Mmoja kajumlisha, mwingine katoa. Kilichowatenganisha ni mahali ilipo D tu. Kwa hiyo sababu ya hatua ya nne ni kwamba C iko kati ya B na D, ndiyo maana mstari AC unapita ndani ya pembe BAD. Na hilo mwanafunzi amelipata wapi? Kwenye maneno "kupita C".

Hapo ndipo ninaposimamia katika kazi hii yote. Maelezo ya swali na sababu za jibu ni safu mbili za daftari moja la hesabu, na lazima zilingane. Kila kirai kwenye maelezo kitumike kama sababu mahali fulani kwenye jibu. Kila sababu kwenye jibu iwe ama kanuni inayojulikana ama kirai kilichomo kwenye maelezo. Ukikuta sababu isiyo na kirai chake, swali lako lina pengo, na mwanafunzi ataliziba kwa macho. Ukikuta kirai kisichotumika, basi umeongeza mzigo wa bure, au mbaya zaidi, umetoa jibu kabla ya kuulizwa.

Mfano wa kirai cha namna hiyo ni huu: "Pembetatu ABC ni pacha, AB ni sawa na AC, na pembe zake za kitako ni sawa." Kipande cha mwisho ni jibu la hatua ya kwanza. Mwanafunzi ataandika "nimepewa" pale ambapo ulitaka kujua kama anaifahamu kanuni. Hata neno "pacha" peke yake linaweza kuachwa. Ukisema tu kwamba AB ni sawa na AC, unamwachia mwanafunzi agundue mwenyewe kuwa ana pembetatu pacha mkononi, na ugunduzi huo ni nusu ya kazi. Mimi hulitumia neno hilo kwa darasa linaloanza, kisha naliondoa baadaye.

Sasa tuongeze mistari sambamba, maana ndipo mambo ya upande yanapochanganya zaidi. Tuseme tunataka mstari kutoka C ulio sambamba na BA. Mtungaji wa kawaida ataandika: "CE ni sambamba na BA." Lakini E iko wapi? Mstari huo unakwenda pande zote mbili za BD, upande wa A na upande wa pili. Kama E iko upande wa A, pembe ECD ni 70. Kama iko upande wa pili, ECD ni 110. Tumerudia kosa lile lile la D, kwa sura nyingine.

Dawa ya kwanza ni kuongeza maneno: "E iko upande ule ule wa mstari BD uliko A." Ni sahihi, ila ni maneno mazito kwa anayesikiliza redio, na ukishakuwa na nukta mbili tatu za namna hiyo msikilizaji amepotea. Dawa ninayoipenda ni kuitaja nukta kwa mahali inapokata kitu kingine: "Mstari unaopita C, ulio sambamba na BA, unakata AD kwenye nukta F." Sasa F haina pa kwenda. Iko kwenye AD, na AD ipo sehemu moja tu. Hatukusema juu wala chini, upande huu wala ule, lakini kila mtu atachora kitu kimoja.

Maneno kama juu, chini, kulia na kushoto ni ya kukwepa kabisa. Ni sawa na kumwelekeza mgeni kwa simu kwamba nyumba iko mkono wa kushoto, bila kujua anakuja kutokea upande gani. Pembetatu haina juu mpaka mtu aishike karatasi, na mwanafunzi aliyeiweka A chini ya kitako hajakosea chochote. Mahusiano ya kutegemea ni yale yasiyobadilika ukizungusha daftari: iko kati ya, imepita, inakata, ni sambamba na, ni sawa na, iko upande ule ule uliko.

Mpangilio wa herufi nao una kazi. Kila nukta mpya itambulishwe kwa nukta ambazo msikilizaji tayari anazo. Katika swali letu A, B na C zinakuja pamoja kama pembetatu, D inatokana na B na C, kisha F inatokana na C, A, B na D. Ukimtaja F kabla ya D, mchoraji anabaki na kalamu hewani. Kwa umbo lenye pande nne, herufi zitajwe kwa kufuata mzunguko wa kona. Pembenne ABCD ina maana unatoka A kwenda B, kisha C, kisha D, halafu unarudi A. Mwanafunzi asiyeujua mpango huo anaweza kuziweka kona ovyo, AB na CD zikakatana katikati, na sambamba uliyokusudia ikawa msalaba. Kwa darasa changa, sema wazi kwamba herufi zinafuata mzunguko.

Swali letu sasa linasomeka hivi: "Katika pembetatu ABC, AB ni sawa na AC, na pembe BAC ni nyuzi 40. Upande BC umerefushwa kupita C hadi D, na CD ni sawa na CA. Mstari unaopita C, ulio sambamba na BA, unakata AD kwenye F. Tafuta pembe CFD kwa njia mbili tofauti, ukitoa sababu kwa kila hatua."

Njia ya kwanza inapitia pembetatu CFD. Pembe FCD ni sawa na ABC, yaani 70, kwa sababu CF na BA ni sambamba, mstari BD unazikata zote mbili, na pembe hizo zinakaa mahali panapolingana kwenye makutano hayo mawili. Pembe iliyo D ni 35, tuliyoipata kabla. Inabaki 180 kutoa 70 na kutoa 35, ambayo ni 75. Njia ya pili inapitia mstari AD, ambao nao unazikata sambamba hizo: pembe CFD inalingana na pembe BAD, ambayo tulishaikuta ni 75. Majibu mawili yamekutana. Nalipenda swali la namna hii kwa sababu mwanafunzi anajisahihisha mwenyewe. Akipata 75 upande mmoja na 85 upande mwingine, anajua kuna hatua iliyopotoka, na hahitaji kusubiri kalamu nyekundu ya mwalimu.

Hapa inafaa kusema ni sababu ipi ikubalike. "Pembe zinalingana" peke yake ni sababu nusu. Mwanafunzi ataje mistari ipi ni sambamba na mstari upi unaikata, kwa kuwa ndani ya mchoro mmoja tuna mistari mitatu inayozikata BA na CF: mstari BD, mstari AC na mstari AD. Anayeandika "pembe ACF ni 40, zinalingana" ana jibu sahihi na sababu isiyo yake. Pembe ACF na BAC ziko pande mbili tofauti za AC, katikati ya sambamba. Hizo ni pembe mbadala. Kwa kawaida mimi humpa alama ya jibu na kumnyima alama ya sababu, na ninamwandikia pembeni mstari aliopaswa kuutaja.

Kosa jingine linajificha zaidi, nalo ni kugeuza kanuni kichwa chini. Mwanafunzi ameambiwa pande ni sawa, anatakiwa kusema pembe ni sawa. Badala yake anaandika: "AB ni sawa na AC kwa sababu pembe B na C ni sawa." Kanuni hizo mbili zote ni za kweli, lakini ni mbili. Euklide, aliyefundisha Aleksandria karibu miaka 300 kabla ya Kristo, alizithibitisha mbali mbali katika kitabu cha kwanza cha Elementi: ya 5 inatoka kwenye pande kwenda kwenye pembe, na ya 6 inarudi. Kwa sambamba ni vile vile: kanuni ya 27 inasema pembe mbadala zikiwa sawa mistari ni sambamba, na ya 29 inaanzia kwenye usambamba kwenda kwenye pembe. Mtungaji anaweza kumsaidia mwanafunzi kwa kutazama safu zile mbili za daftari. Kama "AB ni sawa na AC" iko upande wa vilivyotolewa, haiwezi tena kuonekana baada ya "kwa hiyo".

Euklide mwenyewe aliandika kila jambo kwa maneno, kwanza kwa jumla, kisha kwa herufi, hata msomaji asiye na mchoro anaweza kumfuata. Lakini naye macho yalimponza. Katika tendo la kwanza kabisa la kitabu hicho anachora miduara miwili na kutumia nukta inapokatana. Mchoro unaonyesha wazi kwamba inakatana, ila hakuna sharti wala kanuni aliyoitaja inayosema ni lazima ikatane. Wanahisabati wa baadaye waliliona pengo hilo. Kama Euklide aliingia, mwanafunzi wa Kidato cha Pili asitukanwe kwa "inaonekana". Aulizwe tu: maneno gani ya swali yanasema hivyo?

Limebaki jambo ambalo watungaji wengi hulichukulia juu juu, nalo ni uchaguzi wa namba. Kwa nini 40? Tujaribu 60. Pembetatu ABC inakuwa na pembe tatu za 60 kila moja, na BAD inatoka 90 kamili. Inapendeza, lakini mwanafunzi anayedhani pembe zilizo sawa ni A na B, au A na C, atapata 60 vile vile. Kosa lake limefichwa na namba yako. Tujaribu 36. Pembe za kitako zinakuwa 72, ACD inakuwa 108, CAD inakuwa 36, na BAD inakuwa 72. Sasa CAD imelingana na BAC kwa bahati, na BAD imelingana na ABC kwa bahati. Mwanafunzi atakayebuni kwamba AC inaigawa pembe BAD nusu kwa nusu atajumlisha 36 na 36 na kupata jibu sahihi kwa sababu isiyokuwepo kwenye swali. Utampa alama zote, na atatoka darasani na imani ya uongo.

Kwa 40 hakuna bahati ya namna hiyo. Aliyedhani A na B ndizo pembe zilizo sawa atapata C ya 100, kisha ACD ya 80, CAD ya 50, na BAD ya 90. Aliyeweka D ng'ambo ya B atapata 15. Aliyebuni kwamba AC inagawa pembe nusu kwa nusu atapata 80. Aliyedhani kwamba katika pembetatu ACD pembe zilizo sawa ni zile za C na D atajikuta na 110 mbili ndani ya pembetatu moja, na hapo atashtuka mwenyewe. Kila kosa lina jibu lake, kwa hiyo mwalimu akiona 90 kwenye daftari anajua pa kwenda kutafuta. Njia ya kuzikagua namba ni kuiita pembe BAC kwa herufi x na kuikokotoa BAD kwa jumla: inatoka 45 kuongeza robo tatu za x. Ukiwa na kanuni hiyo unaweza kuweka namba yoyote na kuona haraka inapogongana na pembe nyingine.

Swali likishaandikwa, lijaribiwe. Msomee mwalimu mwenzako kwa sauti, mara mbili tu, yeye akichora bila kuuliza. Usimwonyeshe mchoro wako. Kisha weka michoro miwili pamoja. Isikusumbue kwamba pembetatu yake ni nene na yako nyembamba, au kwamba ameichora imelala. Tazama mpangilio: ni nukta zipi ziko kwenye mstari mmoja, ipi iko kati ya zipi, mistari ipi inakatana na wapi. Vikilingana hivyo, maelezo yameshika. Alipositisha kalamu, hata kama mwishoni alipatia, ndipo penye sentensi ya kuandika upya. Mara nyingi ni sentensi moja iliyobeba nukta mbili mpya kwa pamoja.

Usimwombe mwanafunzi achore kwa vipimo halisi, isipokuwa hilo ndilo somo lenyewe. Akiwa na rula na kipimapembe atapima 75 kwenye karatasi, halafu atatafuta sababu za kulipambia jibu alilonalo. Andika kwenye swali kwamba mchoro wa mkono unatosha na kwamba jibu la kupima halihesabiwi.

Je, maneno yana mwisho wake? Yapo maumbo ambayo kuyaeleza kwa sentensi ni kumwonea msikilizaji. Nukta zikizidi saba au nane ni afadhali kuyagawa maswali mawili. Hata hivyo urefu wa maelezo si kipimo cha ugumu. Mwaka 1922 Mwingereza Edward Langley alitoa katika jarida la The Mathematical Gazette swali ambalo kwa Kiswahili linaenea katika sentensi nne fupi. Pembetatu ABC ina pembe za nyuzi 80 kwenye B na kwenye C. Nukta F iko kwenye AB, na pembe ACF ni 30. Nukta E iko kwenye AC, na pembe ABE ni 20. Thibitisha kwamba pembe BEF ni 30.

Maelezo hayana pengo, kila mtu atachora kitu kimoja. Lakini ukianza kufukuza pembe kama tulivyofanya, utajaza nusu ya mchoro kisha utakwama. Pembe BEC ni 40, BFC ni 50, na BE na CF zinakutana kwa pembe ya 70. Zinabaki pembe mbili zisizojulikana, BEF na CFE, zenye jumla ya 110. Ukitafuta mlinganyo wa pili kutoka pembetatu AFE, utaishia kwenye 110 ile ile. Kila pembetatu unayoiuliza inakurudishia habari uliyokwisha kuwa nayo. Mtungaji anayetaka swali la hatua kwa hatua ajue dalili hiyo: ukikuta pembe mbili zinazojulikana kwa jumla tu, na kila njia inaleta jumla ile ile, wanafunzi wako hawatafika bila kuongeza mstari ambao swali halikuutaja.

Mstari wenyewe ni huu. Kutoka B, chora mstari unaofanya nyuzi 20 na BC, ukate AC kwenye G. Katika pembetatu BCG, pembe iliyo C ni 80 na iliyo B ni 20, kwa hiyo iliyo G ni 80, na BG ni sawa na BC. Katika pembetatu BCF, pembe iliyo B ni 80 na BCF ni 50, kwa hiyo BFC nayo ni 50, na BF ni sawa na BC. Basi BF na BG ni sawa, na pembe kati yao ni 80 kutoa 20, yaani 60, kwa hiyo pembetatu BFG ina pande tatu sawa. Pembe GBE ni 40, maana kati ya BC na BE kuna 60 na BG imechukua 20, na pembe BEG nayo ni 40, kwa hiyo GE ni sawa na GB, ambayo ni sawa na GF. Pembe FGE ni 180 kutoa 80 na kutoa 60, yaani 40. Pembetatu FGE ni pacha, na pembe yake iliyo E ni 70. Ukitoa ile 40 ya BEG, inabaki BEF ya nyuzi 30.